Ripoti ya Grignard: mavuno 47%, na swali la kalamu nyekundu "unyevu gani, uliingia wapi?"

Kipimajoto (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Nimerudishiwa ripoti ya maabara niandike upya sehemu ya majadiliano. Mimi niliandika: "Mavuno yalikuwa madogo kwa sababu ya unyevu na mazao ya pembeni." Msahihishaji kapigia mstari na kuandika: "Unyevu gani? Uliingia wapi? Zao gani la pembeni, na umejuaje?" Basi, hakuna lingine.

Tulitengeneza trifenilimethanoli kwa hatua hizi:

```
PhBr + Mg → PhMgBr
PhMgBr + Ph2CO → Ph3COMgBr
Ph3COMgBr + H3O+ → Ph3COH
```

Magnesi gramu 0.50, bromobenzini mililita 2.1, benzofenoni gramu 2.73, etha kavu. Vyombo vyote vililala kwenye oveni usiku kucha. Niliponda vipande viwili vya magnesi kwa kijiti cha kioo, nikatia punje moja ya iodini, nikadondosha bromobenzini kidogo. Baada ya dakika kama 5 rangi ya iodini ikapotea, povu likaanza kutoka kwenye magnesi, etha ikachemka yenyewe bila moto. Iliyobaki niliidondosha yote kwa dakika 10. Kisha nikaongeza benzofenoni iliyoyeyushwa kwenye etha, ikawa nyekundu halafu ikaganda rangi ya waridi. Nikamwaga kwenye barafu na asidi hidrokloriki hafifu, nikatenga tabaka la etha, nikakausha, nikafukiza.

Zao ghafi gramu 3.3, la njano njano. Nikaliosha kwa petroli etha baridi, ikabaki gramu 2.2 nyeupe. Baada ya kufanya fuwele upya nikapata gramu 1.84, inayeyuka 161 hadi 163 °C. Hiyo ni 47%.

Sasa hapo unyevu niutoe wapi wakati vyombo vililala ovenini?

---

Chumvi_Mbili

Mkuu mbona rahisi. Jibu ni bifenili. Kila mtu anayefanya hii anapata bifenili. Andika kwamba bromobenzini ilimenyuka na Grignard ikatoa bifenili, ndiyo maana mavuno yakashuka. Unyevu ongeza sentensi moja tu, hewani kuna mvuke wa maji kila mahali. Hapo umemaliza.

---

NtaulizaTu

Nakaa hapa nijifunze, maana yangu haikuwaka kabisa. Nilisubiri saa nzima, iodini ikabaki na rangi yake, magnesi imelala chini kama misumari. Vyombo vikavu kabisa. Na etha nilitumia nyingi tu, petroli etha. Au magnesi ilikuwa ya zamani?

---

mzee_wa_kondensa

@NtaulizaTu, mwanangu, petroli etha si etha. Jina linawadanganya wengi. Ile ni mchanganyiko wa haidrokaboni kama pentani na heksani, haina hata atomu moja ya oksijeni. Ungesubiri mpaka kesho. Nitakurudia, maana kosa lako ndilo linaloeleza vizuri kazi ya etha kuliko maelezo ya vitabuni.

Nianze na Kipimajoto. Kabla sijasema lolote nijibu mambo matatu. Petroli etha uliyooshea uliimwaga, au uliifukiza ukaona kilichobaki? Uliweka zao ghafi kwenye bamba la silika? Na faneli ya kudondoshea ilikuwa moja au mbili?

---

Kipimajoto

Shikamoo mzee. Petroli etha niliifukiza kwa udadisi tu, ikabaki kitu cha mafutamafuta gramu 1.1, kiliganda nusu. Kwenye bamba la silika, kwa mchanganyiko wa heksani na ethili asetati, kilionyesha madoa mawili chini ya taa ya urujuanimno: moja hafifu karibu kabisa na juu, lingine kubwa jeusi katikati. Doa la katikati lililingana na benzofenoni niliyoiweka pembeni yake. Pia chini yake kulikuwa na kivuli kivuli, sikukitilia maanani.

Faneli ilikuwa moja. Bromobenzini ilipoisha niliisuuza kwa asetoni haraka, nikaipunga mpaka ikakauka, ndipo nikatia benzofenoni.

---

mzee_wa_kondensa

Marahaba. Hapo penye "nikaisuuza kwa asetoni" ndipo ripoti yako ilipo. Lakini twende polepole, tuanze na hesabu.

Bromobenzini mililita 2.1 ni gramu 3.14 hivi, yaani milimoli 20. Magnesi ni milimoli 20.6. Benzofenoni ni milimoli 15. Kwa hiyo mavuno ya nadharia yanahesabiwa kwa benzofenoni, gramu 3.90, na wewe ulikuwa na akiba ya milimoli 5 za Grignard. Mwenye kuandaa zoezi aliziweka hizo makusudi, anajua zitapotea kidogo.

Sasa dai la Chumvi_Mbili. Tuseme bifenili yako ilikuwa gramu 0.3, na kwa doa hafifu nadhani nakupunja kwa kuiongeza. Hiyo ni kama milimoli 2. Kila moja ya bifenili inakula bromobenzini mbili, basi zimeliwa 4 kati ya 20. Zinabaki 16. Benzofenoni ilikuwa 15. Bado zinatosha! Kwa hiyo bifenili ipo kweli, lakini haiwezi kuwa ndiyo iliyokuangusha mpaka 47.

Tazama doa kubwa la katikati. Benzofenoni iliyobaki, tuseme gramu 0.8 kati ya ile 1.1. Hiyo ni milimoli 4.4 ambazo hazikukuta Grignard wa kumenyuka naye. Kama 16 zilikuwepo na benzofenoni 4.4 imebaki bila mwenza, basi kuna Grignard ya milimoli 5 na kitu iliyokufa mahali fulani. Benzofenoni hiyo ndiyo shahidi wako. Bila yake ungekuwa unakisia kama wengine.

---

Chumvi_Mbili

Hesabu nimeielewa, nakubali bifenili peke yake haitoshi. Lakini asetoni mbona ndiyo tunayotumia kukaushia vyombo siku zote? Inachukua maji yote na yenyewe inaruka. Chombo kilichosuuzwa kwa asetoni ni kikavu kuliko kilichofutwa.

---

mzee_wa_kondensa

Kikavu kwa maji, ndiyo. Ila asetoni yenyewe ni ketoni. Grignard haiulizi ketoni gani, inaingia kwenye kaboni ya kabonili yoyote iliyo karibu. Na asetoni ni ndogo, haina pete mbili za benzini za kuizuia, basi inamwahi benzofenoni. Kila tone la asetoni lililobaki kwenye shina la faneli lilishuka pamoja na benzofenoni na kutangulia mlangoni.

Milimoli 5.5 za asetoni ni gramu 0.32, mililita 0.4. Hiyo inabaki ndani ya bomba na kuzunguka kifungulio cha faneli bila wewe kuiona. Na ile asetoni ya chupa ya kusuuzia ina maji ndani yake, maana kila mmoja anasuuzia vyombo vyenye maji na chupa hukaa wazi.

Kama mnasuuza kwa asetoni, sawa, suuzeni. Ila baada ya hapo chombo kikae wazi kwanza mpaka asetoni iishe, ndipo kiingie ovenini. Chombo kinachovuja asetoni msikitie ovenini, mtaunguza watu. Faneli yako ungeisuuza kwa etha kavu ileile ya kwenye mmenyuko, mililita mbili, na suuzo hilo likaangukia humohumo kwenye chupa. Hakuna cha kukauka hapo.

---

bint_wa_maabara

Mimi nasahihisha ripoti hizi, kwa hiyo niongee upande wa yule mwenye kalamu nyekundu. Alichotaka ni hiki alichofanya mzee: onyesha jambo limetokea wapi na ushahidi ni upi. Kipimajoto ana ushahidi mzuri ambao hakuutumia.

Cha kwanza, mmenyuko wake uliwaka ndani ya dakika 5. Chupa ingekuwa na ukungu wa maji, au magnesi ingekuwa na unyevu, ungesumbuka kuuwasha. Maji yanapofika kwenye uso wa magnesi yanaua kila Grignard inayozaliwa kabla haijatosha kuendelea, na tabaka la oksaidi na hidroksidi linabaki pale pale. Kwa hiyo mtu aliyewasha kwa urahisi akilalamikia vyombo vyenye maji mwanzoni, simwamini. Kilichomharibia kiliingia baadaye. Na baadaye kuna kitu kimoja tu kilichobadilika, faneli.

Cha pili, ovenini. Watu wanaandika "vyombo vilikaushwa" kana kwamba ni desturi tu. Kioo kinachoonekana kikavu kwa macho kina ngozi nyembamba ya maji iliyojishika kwenye uso wake. Ukikipasha kwa 110 hadi 120 °C saa kadhaa ngozi hiyo inaondoka, lakini ukikiacha kipoe juu ya meza inarudi. Kinatakiwa kipoe ndani ya desiketa, au ukiunganishe kingali moto na kufunga bomba la kloridi ya kalsiamu juu ya kondensa. Ripoti ikisema "usiku kucha ovenini" halafu haisemi vilipoa wapi, mimi hapo naweka alama ya kuuliza.

---

Kipimajoto

Dada, vilipoa ndani ya desiketa, chupa na kondensa. Bomba la kloridi ya kalsiamu lilikuwepo. Sikuandika tu.

Ila naomba mnisaidie upande wa maji. Unyevu kiasi gani ndio unaharibu? Maana "kidogo" ni neno tu.

---

mzee_wa_kondensa

Tone moja. Tone la maji la mililita 0.05 ni gramu 0.05, milimoli 2.8. Molekuli moja ya maji inaua Grignard moja:

```
PhMgBr + H2O → C6H6 + Mg(OH)Br
```

Akiba yako ya milimoli 5, ukitoa zilizoliwa na bifenili, inabaki kama 1. Tone moja linamaliza akiba na kuanza kula mtaji. Matone mawili ndiyo yale milimoli 5.5 tuliyokuwa tunatafuta.

Angalia na etha. Etha iliyoshiba maji hubeba gramu 1 na robo hivi kwa kila gramu 100, na kwa macho ni angavu kama kawaida. Mililita 20 zake zina uzito wa gramu 14, kwa hiyo humo mna maji karibu gramu 0.18, milimoli 10. Nusu ya Grignard yako. Ndiyo maana etha ya kutenganishia, ile chupa inayozungushwa mezani kwa wote, haiingii kwenye mmenyuko hata kama imeandikwa etha.

Niliwahi kumwona mmoja akimimina etha ya kutenganishia ili "kuongeza kidogo" baada ya etha yake kupungua kwa kuchemka. Mmenyuko ulikuwa unachemka vizuri, mara ukanyamaza, ukageuka uji mweupe. Uji ule ndio ile Mg(OH)Br. Hakuhitaji kipimo chochote.

---

NtaulizaTu

Mzee usinisahau. Petroli etha ni kavu, haina maji, haina asetoni. Kwa nini sasa haikuwaka? Nilidhani shida yote ni maji.

---

Chumvi_Mbili

Hata mimi nilijua kiyeyushi kinatakiwa kisimenyuke tu na Grignard. Heksani haimenyuki na kitu. Kwa nini isifae?

---

mzee_wa_kondensa

Kutomenyuka ni sharti la kwanza tu. Linaondoa maji, alkoholi, asetoni, ethili asetati, kloroformu. Sharti la pili ndilo linalowaangusha nyinyi wawili.

Magnesi ndani ya PhMgBr ina njaa ya elektroni. Kwenye etha, atomu za oksijeni zinampa jozi zao huru, kwa kawaida molekuli mbili za etha zinamkumbatia magnesi mmoja. Kwa kumkumbatia hivyo zinamtuliza na kumtoa juu ya chuma mpaka ndani ya kimiminika. Uso wa chuma unabaki wazi kwa bromobenzini nyingine. Kwenye heksani hakuna wa kumshika. Hata kama kidogo kingeundwa, kingebaki kimeganda juu ya chuma na kufunga mlango. Ndiyo maana magnesi yako ililala kama misumari, na iodini ikabaki na rangi.

Kuna watu wanatengeneza Grignard ndani ya haidrokaboni kwa kuongeza kiasi kidogo cha etha au amini. Lakini ona, bado wameita mtu mwenye jozi ya elektroni.

Ukipata bahati ya kutumia tetrahidrofurani, hiyo oksijeni yake iko wazi zaidi kwa sababu pete imefungwa nyuma, inashika magnesi kwa nguvu kuliko etha ya kawaida. Ndiyo maana klorobenzini, ambayo kwenye etha ni mvivu, humo inakubali.

---

bint_wa_maabara

Niongeze jambo la mvuke, maana wanafunzi wengi hawaliandiki. Etha inachemka 34.6 °C. Mmenyuko unapochemka wenyewe, mvuke mzito wa etha unajaza chupa na kuisukuma hewa juu. Hilo ni blanketi. Linazuia oksijeni, na oksijeni ikiingia mwisho wake ni fenoli. Mimi napenda mtu aseme hivyo, kisha aseme kwamba fenoli hakuiona, kuliko kuorodhesha fenoli kama zao la pembeni bila ushahidi wowote.

---

mzee_wa_kondensa

Hapa dada tutatofautiana kidogo. Blanketi la etha linafanya kazi wakati inachemka. Mmenyuko ukipoa, mvuke unanywea na hewa inarudi kupitia juu. Bomba la kloridi ya kalsiamu linakamata maji, halikamati oksijeni. Mimi ningetia naitrojeni.

---

bint_wa_maabara

Kwa kitendanishi cha kuhifadhi nakubali. Kwa zoezi la saa tatu ambalo benzofenoni inaingia mara tu bromobenzini inapoisha, sijaona tofauti kwenye mavuno ya darasa langu kati ya walio na naitrojeni na wasio nayo. Huenda wako wana mikono mizito zaidi.

---

mzee_wa_kondensa

Haha. Mikono ni mizito kweli. Lakini sikubali.

---

Chumvi_Mbili

Sasa bifenili ya Kipimajoto imetoka wapi kama hakukuwa na kosa? Au hata hiyo hamumhesabii?

---

mzee_wa_kondensa

Tunamhesabia. Bifenili huzaliwa Grignard iliyokwisha kuundwa inapokutana na bromobenzini ambayo bado haijapata magnesi:

```
PhMgBr + PhBr → Ph-Ph + MgBr2
```

Kwa hiyo inategemea bromobenzini nyingi kurundikana mahali pamoja, na joto. Yeye aliidondosha yote kwa dakika 10. Angechukua nusu saa, tone kwa tone, etha ikichemka taratibu bila kuruka, bromobenzini ingekuwa inaliwa na magnesi kila inapoingia. Akiona inachemka kwa fujo, bakuli la maji baridi chini kidogo, lakini asiipoze mpaka izime. Hapo kosa analo, ila ni dogo.

Kuna alama nyingine ya bifenili ambayo ni nzuri kwenye ripoti. Kila bifenili moja inatumia bromobenzini mbili na magnesi moja tu. Kwa hiyo magnesi lazima ibaki. Kwa hesabu yako ingebaki milimoli 2.5 hivi, gramu 0.06. Kipimajoto, mwishoni uliona vipande?

---

Kipimajoto

Niliviona kweli, mzee! Vipande kama vitatu vyembamba, vilitoa povu nilipomwaga kwenye asidi. Nilidhani ni kwa sababu mmenyuko haukuisha.

---

mzee_wa_kondensa

Usiandike kwamba inathibitisha, maana hukuvipima, na magnesi ilikuwa imezidi kidogo tangu mwanzo. Andika kwamba inalingana.

---

Kipimajoto

Sawa. Lakini kuna jambo linanisumbua bado. Nitajuaje kama Grignard iliuawa na asetoni yenyewe au na maji yaliyokuwa ndani ya asetoni?

---

mzee_wa_kondensa

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Maji yanaiua Grignard na kuacha benzini. Benzini inachemka 80 °C, ukifukiza etha sehemu kubwa inaondoka nayo. Haiachi shahidi. Ndiyo maana kila mtu anasingizia maji, hakuna wa kumpinga.

Asetoni inaacha maiti. Inatoa 2-fenili-2-propanoli, ambayo haichemki mpaka juu ya 200 °C, kwa hiyo itabaki. Ni alkoholi ndogo inayoyeyuka kwa jotoridi dogo tu, haitakaa na fuwele zako nyeupe. Itakuwa kwenye yale mabaki yako ya mafutamafuta ya gramu 1.1. Ile hali ya kuganda nusu inanitia shaka nzuri. Na kile kivuli chini ya doa la benzofenoni usichokitilia maanani, sasa kitilie.

---

bint_wa_maabara

Tahadhari hapo. Trifenilimethanoli nayo inakaa chini ya benzofenoni kwenye bamba, na kidogo yake huyeyuka kwenye petroli etha ikiwa haikuwa baridi sana. Kile kivuli kinaweza kuwa zao lenyewe. Apime spektra ya infraredi ya mafuta yale: benzofenoni itajionyesha kwa kabonili karibu na 1660 cm⁻¹, bifenili haina kabonili wala O–H. Akiona O–H pana kuelekea 3400 basi kuna alkoholi. Lakini alkoholi ipi kati ya hizo mbili, O–H peke yake haitamwambia.

---

mzee_wa_kondensa

Kweli. Aweke doa la trifenilimethanoli safi pembeni kwenye bamba hilohilo. Kivuli kisipolingana nalo, asetoni inashitakiwa. Kikilingana, tunarudi kwenye maji na hatuna la kusema zaidi.

---

NtaulizaTu

Naomba kuuliza kitu kidogo, ile rangi nyekundu ya mwanzo ni nini? Mimi sikuifikia lakini wenzangu wote waliiona.

---

Chumvi_Mbili

Mwalimu wetu alisema ni ketili ya benzofenoni.

---

mzee_wa_kondensa

Ketili ninayoijua mimi ni ya bluu mpaka zambarau, ile ya sodiamu na benzofenoni kwenye kukausha etha. Nyekundu ya Grignard nimesikia maelezo matatu tofauti na sijaridhika na hata moja. Usiiweke kwenye majadiliano kama maelezo, iweke kwenye uchunguzi tu: iligeuka nyekundu, kisha ikaganda waridi.

---

Kipimajoto

Nimeandika upya. Nimerudi pia kwenye bamba asubuhi: trifenilimethanoli yangu ilisimama juu kidogo ya kile kivuli, lakini kwa tofauti ndogo sana, sitaapa. Hii hapa, mnikosoe:

"Mavuno yalikuwa gramu 1.84, 47% ya gramu 3.90 zinazohesabiwa kwa benzofenoni. Petroli etha iliyooshea zao ghafi iliacha gramu 1.1, na kwenye bamba la silika sehemu kubwa yake ilikuwa benzofenoni isiyomenyuka. Ikikadiriwa kuwa gramu 0.8, hiyo ni milimoli 4.4, au 29% ya benzofenoni yote, na inaonyesha kwamba Grignard haikutosha. Bifenili ilionekana kama doa hafifu. Hata ingekuwa gramu 0.3 ingetumia milimoli 4 tu za bromobenzini, kwa hiyo haielezi upungufu. Mmenyuko uliwaka ndani ya dakika 5 kwenye vyombo vilivyokaushwa ovenini na kupozwa ndani ya desiketa, hivyo maji ya mwanzoni hayaelekei kuwa chanzo. Chanzo kinachoelekea zaidi ni faneli iliyosuuzwa kwa asetoni kabla ya kutiwa benzofenoni. Asetoni ni ketoni na inatumia Grignard, na maji yaliyokuwa ndani yake yanaiharibu pia. Doa dogo chini ya benzofenoni linaweza kuwa 2-fenili-2-propanoli, lakini halikutofautishwa vya kutosha na trifenilimethanoli. Gramu 0.36 nyingine zilipotea kwenye kufanya fuwele upya."

---

bint_wa_maabara

Hii ningeisahihisha kwa furaha. Jambo moja: 47 na 29 na ile 9 ya fuwele zinakupa 85. Asilimia 14 au 15 iko wapi?

---

Kipimajoto

Dada, nilipotenga tabaka la etha kulikuwa na zao jeupe limejishika kwenye shingo ya faneli ya kutenganishia, na nililiacha.

---

bint_wa_maabara

Andika hivyohivyo.

---

NtaulizaTu

Na mimi kesho narudia. Nimesoma kibandiko cha chupa mara mbili safari hii. Ila magnesi yangu ni ileile ya kijivu, niisugue kwa msasa au niiponde tu?